Beringi imegoma kuingia: namna ya kupiga hesabu ya mashimo kabla hujaprinti

Mwaka jana mama mmoja wa Mbalizi aliniletea kazi ya kimashine cha kupepeta maharage, kile cha kuzungusha kwa mkono, feni inapuliza makapi huku maharage yanashuka chini. Fremu ya mbao alishachongewa, mimi nilitakiwa kutoa kwa printa ya 3D vishikio viwili vya beringi na kitovu cha feni. Kazi ndogo kabisa. Beringi ni ile ya kawaida namba 608, nje ina milimita 22, tundu lake la ndani 8, unene 7, ile ile ya kwenye viatu vya magurudumu. Nikachora shimo la 22 kamili, nikaprinti, nikajaribu, haingii. Nikachukua nyundo. Ilipofika katikati kishikio kikapasuka mstari mrefu kufuata leya, zile tabaka za plastiki zinazopandana, na beringi yenyewe ikabaki inakwaruza kama ina mchanga ndani. Mama akaizungusha kwa kidole akaniuliza, "Kijana wangu, hii ndo mpya?"

Basi nikarudi mezani, na haya ndo niliyojifunza, nayaweka kwa hatua. Nazungumzia printa za uzi wa plastiki, PLA au PETG, na mashimo yaliyosimama wima yaani yanayotazama juu wakati wa kuprinti. Shimo lililolala lina shida zake nyingine, dari yake inalegea, hilo siligusi hapa.

Kwanza tenganisha makosa matatu

Watu wengi wakiona shimo limekuwa dogo wanasema "plastiki imesinyaa" halafu wanakuza modeli nzima asilimia 1 au 2. Shimo linakaa sawa, ila sasa nafasi kati ya mashimo ya skrubu imehama na kipande hakikai kwenye fremu. Hiyo ni kwa sababu shimo linapungua kwa sababu tatu tofauti na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni kusinyaa kwenyewe. Plastiki ikipoa inajivuta, na hii inakwenda kwa asilimia, kitu kikubwa kinapoteza kingi, kidogo kinapoteza kidogo. PLA na PETG ni robo ya asilimia hivi, wakati ABS inaweza kukaribia asilimia nzima. Kwa shimo la 22 robo ya asilimia ni kama 0.05 tu! Sasa unaona kwamba kusinyaa peke yake hakukunipasulia kishikio.

Ya pili ndo jambazi mwenyewe. Nozeli, ile ncha inayotoa plastiki, inapozunguka kwenye duara la ndani, uzi ukiwa bado laini unavutwa kukata kona, halafu upande wa ndani wa duara njia ni fupi kuliko upande wa nje kwa hiyo plastiki inajaa kuelekea katikati. Hii haiendi kwa asilimia. Shimo la 10 na shimo la 22 yanapoteza karibu kiasi kile kile, 0.2 hivi, kutegemea printa yako. Mimi hii naiita makato, maana ni kama kutuma hela kwa simu kwa kiwango cha bei moja, hata utume nyingi au kidogo kidogo wanakata ile ile.

Ya tatu ni leya ya kwanza kupondeka. Nozeli inaikandamiza kwenye bedi ili ishike, na bedi ina moto, kwa hiyo ukingo unatambaa pembeni kama ugali ukiubonyeza na sahani. Kwa nje unaona kama kipande kimevaa unyayo, na kwa ndani ya shimo unyayo huo unageuka kuwa kijimdomo kinachoziba njia. Huu unakaa kwenye leya moja mpaka tatu za chini tu, juu yake shimo liko vizuri. Ndo maana unaweza kupima shimo kwa juu ukaona liko sawa kabisa na beringi bado inagoma ukiiingizia chini.

Asilimia, makato, unyayo. Kila moja tunaipima peke yake.

Hatua ya 1: hakikisha duara ni duara

Hii tuipite haraka ila usiiruke. Kompyuta haitunzi duara kwenye faili la STL, inatunza umbo la pande nyingi, na kwenye shimo zile pande zilizonyooka zinaingia ndani kuliko duara la kweli. Ukichora kwa programu ya OpenSCAD bila kugusa `$fn`, yaani idadi ya pande, shimo la 8.44 linatoka na pande 14 tu, na kati ya upande na upande unabaki na 8.23 hivi. Umeshapoteza 0.2 kabla printa haijawashwa. Weka `$fn = 120` habari iishe. Wanaochora kwa programu nyingine, wakati wa kutoa STL chagua ubora wa juu.

Hatua ya 2: kipande kimoja kinachokupa asilimia na makato kwa pamoja

Hapa ndo penye utamu, naomba utulie. Chora ubao mwembamba, urefu 120, upana 20, unene 5, uweke mashimo mawili ya 10, katikati ya moja mpaka katikati ya jingine iwe 100 kamili. Uprinti kwa mipangilio ile ile utakayotumia kwenye kazi, uzi ule ule, spidi ile ile, idadi ile ile ya kuta. Uache upoe kabisa ndo uubandue, usiubandue wa moto ukaupinda.

Kisha vernia. Pima mara mbili. Kwanza tumia meno ya ndani, yale madogo ya juu, upime kutoka ukingo wa mbali wa shimo la kushoto mpaka ukingo wa mbali wa shimo la kulia. Halafu tumia meno makubwa kupima ile plastiki iliyobaki kati ya mashimo mawili, ukingo wa karibu mpaka ukingo wa karibu. Pima usawa wa juu au katikati ya unene, usiguse chini kwenye unyayo. Mimi nilipata 109.56 na 90.04.

Jumlisha gawa kwa mbili, unapata 99.80. Huo ndo umbali wa katikati kwa katikati. Uzuri wake ni kwamba shimo hata likibana kiasi gani, linabana pande zote sawa, katikati yake haihami, kwa hiyo hilo pungufu la 0.20 kwenye 100 halina makato ndani yake, ni kusinyaa tupu. Yaani kipande kinatoka 0.998 ya nilichochora.

Sasa toa, 109.56 kutoa 90.04, gawa kwa mbili, unapata 9.76. Hicho ndo kipenyo halisi cha shimo. Kwa kusinyaa peke yake lingekuwa 9.98. Pungufu iliyobaki ni 0.22 na hayo ndo makato yangu.

Mzee wa hesabu atasema hiyo 0.998 inaweza kuwa na kosa la mikanda ya printa ndani yake, siyo plastiki tu. Kweli kabisa, na haisumbui, kwa sababu dawa ni ile ile. Ila printi ubao mmoja umelala upande wa X na mwingine upande wa Y. Zikitofautiana sana, mfano moja 0.998 nyingine 0.993, hiyo siyo plastiki, kaza mkanda kwanza, maana shimo lako litakuwa yai na hakuna hesabu ya kuokoa yai.

Hatua ya 3: amua unataka shimo halisi liwe ngapi

Kabla ya kuchora, pima kitu kitakachoingia. Beringi huwa ziko karibu sana na namba yake, ila chuma cha dukani ni habari nyingine. Nilinunua raundi baa ya mm 8 pale Mwanjelwa, nikapima sehemu tano, nikapata kuanzia 7.96 mpaka 8.02. Pale penye 8.02 hata beringi yenyewe haikupita, nikapiga msasa mpaka ikapita. Na usichukue nondo ya ujenzi, ile ina mikunjo.

Kwa shimo la kubana, yaani beringi iingie kwa nguvu ikae, nataka shimo halisi liwe dogo kuliko beringi kwa 0.05 mpaka 0.10. Nilichagua 21.92. Ukibana zaidi ya hapo plastiki inaikandamiza ringi ya nje ya beringi, gololi zinakosa nafasi, inaanza kukwaruza. Ukipunguza ubanaji inashika leo, kesho inazunguka ndani ya shimo.

Kwa shimo la kuteleza, kitovu kipite kwenye shafti bila kulazimisha halafu nikikaze na skrubu, nataka nafasi ya 0.2. Shafti 8, shimo halisi 8.20. Ukitaka kitu kinachoteleza muda wote wakati kinafanya kazi, ongeza kidogo, 0.3 siyo dhambi.

Hatua ya 4: piga hesabu kurudi nyuma

Printa inachukua nilichochora, inazidisha kwa 0.998, inakata 0.22. Kwa hiyo narudi kinyume, naongeza makato kwanza halafu nagawa kwa 0.998.

Beringi: 21.92 + 0.22 = 22.14, gawa kwa 0.998 unapata 22.18.

Shafti: 8.20 + 0.22 = 8.42, gawa kwa 0.998 unapata 8.44.

Vipimo vingine vya kipande, kama umbali kati ya mashimo ya skrubu, unagawa kwa 0.998 tu bila kuongeza kitu. Ndo faida ya kutenganisha.

Kuna wanaopenda kumwachia slaisa, ile programu inayokata modeli kuwa leya za kuprinti. Kwenye Cura kuna `Hole Horizontal Expansion`, inafanya kazi ya makato. Ila angalia, namba unayoweka pale ni ya upande mmoja wa ukuta, kwa hiyo makato ya 0.22 kwenye kipenyo unaandika 0.11. Mimi nilishaandika 0.22 siku moja nikawa nashangaa beringi inadondoka yenyewe. Na chagua moja, ama kwenye modeli ama kwenye slaisa. Ukiweka kote kote umelipa mara mbili.

Hatua ya 5: unyayo

Printi kibox cha 20 kwa 20, urefu 10. Pima upana katikati, halafu kilaze meno ya vernia yaguse ukingo wa chini kabisa. Changu katikati kilikuwa 19.98 na chini 20.34. Tofauti 0.36, gawa kwa mbili kwa sababu unatoka pande zote, 0.18 kila upande.

Kama wewe umepata 0.3 au zaidi kila upande, usianze kufidia, nozeli yako iko chini mno. Ipandishe kidogo kidogo mpaka leya ya kwanza ishike bila kusagika, na kama bedi ya PLA iko 65 jaribu 60, tena baada ya leya ya kwanza ishushe mpaka 55. Asubuhi za mwezi wa saba hapa Mbeya mtu anashawishika kupandisha moto wa bedi na kushusha nozeli ili kipande kisibanduke, naelewa, baridi ile si mchezo, lakini ni afadhali ufunge dirisha upepo usipige printa kuliko kuusaga uzi kwenye bedi.

Kilichobaki kina dawa mbili. Slaisa zina kitu hicho, PrusaSlicer inaita `Elephant foot compensation` unaweka 0.18, Cura inaita `Initial Layer Horizontal Expansion` unaweka -0.18 na alama ya kutoa usiisahau. Zote ni za upande mmoja.

Dawa ya pili ndo ninayoipenda mimi, kukata mdomo wa shimo kwa chini, mshazari wa nyuzi 45, urefu 0.5. Unyayo ukitambaa unatambaa ndani ya nafasi uliyoiacha, haufiki kwenye njia ya beringi. Inafunika leya mbili tatu za chini na siyo ile ya kwanza tu, na ukimtumia faili rafiki yako wa Iringa aprinti kwa mashine yake, mshazari unakwenda na faili, mipangilio ya slaisa yako inabaki kwako. Juu ya hapo beringi inapata pa kuanzia kuingia ikiwa imenyooka.

Kishikio changu kikawa hivi:

```
s = 0.998;
c = 0.22;
function shimo(d) = (d + c) / s;
D = shimo(21.92);
$fn = 120;
difference() {
  cylinder(d = 40, h = 7);
  translate([0, 0, -1])
    cylinder(d = D, h = 9);
  translate([0, 0, -0.01])
    cylinder(d1 = D + 1, d2 = D, h = 0.5);
}
```

Ukibadilisha uzi au printa unabadilisha `s` na `c` tu, kwingine hugusi.

Hatua ya 6: pete za majaribio

Hesabu inakuleta mlangoni, kuingia ni majaribio. Printi pete tatu, moja ya namba uliyopata, moja pungufu 0.1, moja zaidi 0.1. Ila pete iwe na unene wa ukuta sawa na kipande cha kweli! Nilifanya uvivu nikaprinti pete nyembamba za kuta mbili kuokoa uzi, beringi ikaingia safi, kumbe pete ilikuwa inatanuka kama mpira. Kwenye kishikio kinene ikagoma. Tumia kuta nne au zaidi, ndizo zinazobeba msukumo, ujazo wa ndani hausaidii sana hapo.

Kuingiza beringi achana na nyundo. Tumia jiliwa, au boliti ndefu na washa mbili kubwa unakaza taratibu, na hakikisha unasukuma ringi ya nje, ukisukuma ya ndani nguvu inapita kwenye gololi. Kabla ya kuingiza izungushe beringi kwa kidole ukariri inavyohisi, baada ya kuingiza izungushe tena. Ya 22.08 iliingia kwa taabu ikawa inakwaruza na kusimama mapema. Ya 22.28 iliingia kwa dole gumba, ukigeuza inatoka. Ya 22.18 ilihitaji jiliwa na ikazunguka kama mpya. Hesabu ilipatia.

Kwenye shafti hesabu ilikosea kidogo. Ya 8.44 ilipita kwa kulazimisha, ya 8.54 ndo iliteleza vizuri. Sababu ni kwamba kwenye duara dogo kona ni kali zaidi, uzi unakatisha zaidi, makato yanapanda. Makato niliyopima kwenye shimo la 10 yanafaa kwenda juu, lakini ukishuka chini ya 10 usiyaamini bila pete. Na mashimo madogo ya 3 au 4 usipime kwa meno ya vernia, meno yana ubapa kidogo hayakai kwenye tao vizuri, yanakusomea dogo kuliko lilivyo. Tumia kitako laini cha biti ya drili, ya 3.0 ikipita na ya 3.2 ikigoma umeshajua ulipo.

Vitu viwili vya kuangalia wakati wa kuprinti kipande chenyewe

Mshono, yaani pale nozeli inapoanzia na kumalizia kila leya, unaacha kichuguu kinachopanda wima ndani ya shimo. Kwenye shimo la kubana kichuguu kinaiegemeza beringi upande. Mimi nachonga kijimfereji kidogo cha 1.5 ukutani mwa shimo halafu kwenye slaisa naupaka mshono ukae humo. Kama hukuweka, kwangua na kisu kabla ya kubana.

Na umeme ukikatika katikati, printa ikaendelea baada ya saa nzima, pale ilipoachia kipande kilikuwa kimeshapoa na leya inayofuata haikai sawasawa, utaona mstari unazunguka. Ndani ya shimo mstari huo ni ukingo. Kwa kitovu cha kuteleza unaweza kupitisha biti ya 8.2 kwa mkono, taratibu, usiwashe drili maana plastiki inayeyuka. Kwa shimo la kubana mimi narudia tu, kwa sababu hapo ndipo leya zinapofunguka ukikaza.

Vishikio vya mama wa Mbalizi nilivitoa kwa PETG badala ya PLA. PLA inaanza kulegea ikifika nyuzi 55 mpaka 60, na mashine iliyoachwa juani inaweza kukaribia huko, na hata bila jua kali PLA iliyobanwa muda mrefu inajiachia pole pole mpaka beringi inalegea. Kwa kubadilisha uzi ilibidi nirudie ubao wa mashimo mawili, `s` ikabaki karibu pale pale ila `c` ikawa 0.26, PETG inanata zaidi. Shimo likawa 22.22. Mshazari sikuugusa.

Aliporudi akazungusha mkono mara moja, akaachia, feni ikaendelea yenyewe. Akauliza ile ya kwanza ni shilingi ngapi. Nikamwambia ile iko kwenye droo, siuzi.